Jaribio la Bure: Mfasiri Amjibu Vipi Mteja Anayetaka Kuonja Kabla ya Kununua?

Kamati ya harusi ikitaka kumpa mpishi kazi ya kulisha watu mia tatu, huenda kwake kuonja. Wajumbe wanne au watano hukaa mezani, wakaletewa pilau, kachumbari na vipande vya kuku, wakala, wakaulizana kwa macho, wakaondoka. Mpishi hadai fedha ya kuonjwa na hakuna anayehisi ameonewa. Lakini kamati hiyohiyo ikimwambia alishe bure wageni wote wa siku ya kumuaga bibi harusi, ili ijue kama atafaa kwa harusi yenyewe, mazungumzo yataishia hapohapo mlangoni.

Mfasiri wa Kiswahili huletewa maombi ya aina zote mbili, na yote hupewa jina moja: jaribio. Anayetaka kuonja na anayetaka kushibishwa huandika barua pepe zinazofanana, zenye heshima ileile na ahadi ileile ya kazi nyingi zitakazofuata. Makala hii inahusu namna ya kuwatenganisha watu hao wawili, na hasa maneno ya kuwajibu bila kugombana na yeyote kati yao. Fani ni nyingi, na mchora nembo, mpiga picha na mwandishi wa programu za kompyuta wana visa vyao. Hapa itafuatwa tafsiri peke yake, kwa kuwa maneno huhesabika, na kinachohesabika ni vigumu kukifichia hila.

Tuanze na haki ya mteja, maana anayo. Kampuni ya uwakala iliyoko Ulaya au Marekani inapotafuta mfasiri wa Kiswahili, hupokea wasifu wa watu kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na Lubumbashi, na Kiswahili chao si kimoja. Fomu ya kliniki iliyoandikwa kwa ajili ya Kigoma ikitafsiriwa na mtu aliyezoea Kiswahili cha Nairobi inaweza kusomeka vizuri na bado ikamkwaza mgonjwa. Shahada haionyeshi jambo hilo. Ndiyo maana kampuni nyingi zenye jina zuri hutoa jaribio fupi la maneno 200 hadi 300, mara nyingi bila malipo, na wafasiri wengi wazuri hulifanya bila kinyongo.

Hesabu yake inaeleweka. Mfasiri mzoefu hutoa maneno kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima ya kazi, kukiwamo kutafuta istilahi na kujisahihisha. Kwa mwendo huo maneno 250 ni kazi ya saa moja hivi. Saa moja kwa mteja anayeweza kuleta kazi mwaka mzima ni gharama ya kawaida ya biashara, kama nauli ya kwenda kwenye usaili.

Hata hivyo, si kweli kwamba bila jaribio mteja hana njia ya kumpima mfasiri. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataja njia tatu za kuthibitisha sifa za mfasiri: shahada ya tafsiri, au shahada ya fani nyingine pamoja na miaka miwili ya kazi ya tafsiri ya muda wote, au miaka mitano ya kazi hiyo. Jaribio la bure halimo kati ya hizo tatu. Kiwango hichohicho kinataka kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili, asiye mfasiri wake. Mfasiri anayeyajua haya huongea na mteja akiwa ametulia, kwa kuwa anafahamu kwamba jaribio ni mojawapo tu ya njia, na wala si njia kuu.

Tatizo huanza pale kazi iliyoitwa jaribio inapokuwa na matumizi. Hilo ndilo swali linalostahili kuulizwa kabla ya lile la fedha: maandishi haya yakishatoka mkononi mwa mfasiri, kuna mtu anaweza kuyatumia mahali fulani kesho asubuhi? Aya moja iliyokatwa kwenye kijitabu cha zamani haina pa kwenda. Fomu kamili ina pa kwenda, na mara nyingi kuna mtu anayeisubiri.

Chukua mfasiri aliyeko Mwanza, mwenye miaka sita kwenye kazi za afya. Alhamisi saa nne asubuhi anapokea barua kutoka kwa mratibu wa kampuni ya uwakala ya nje. Mratibu mwenyewe ni Mtanzania, anaandika Kiswahili kizuri, anaomba jaribio “ili tukuingize kwenye orodha yetu”, na analitaka kesho yake saa tatu asubuhi. Faili lililoambatanishwa linaitwa `ICF_Main_v3.0_SWA.docx`. Ndani yake kuna fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti wa malaria kwa wajawazito, maneno 1,180, kuanzia kichwa cha habari hadi mstari wa sahihi ya shahidi.

Mfasiri asiye na haraka hulisoma jina la faili kabla ya faili lenyewe. Hilo la `v3.0` ni namba ya toleo, na fomu za ridhaa hupewa namba za matoleo kwa sababu kamati za maadili ya utafiti huidhinisha toleo mahususi, si fomu kwa ujumla. Chini ya kila ukurasa kuna tarehe, na tarehe hiyo ni ya wiki iliyopita. Isitoshe, utafiti wa kitabibu unaopelekwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, hutakiwa kuwa na fomu za ridhaa kwa Kiswahili. Kwa hiyo karatasi hii si kipimo. Ni kiambatisho ambacho maombi ya mtu yamekwama bila hicho, na ile saa tatu ya Ijumaa huenda ni saa ya kuwasilisha.

Kwa mwendo wa maneno 250 kwa saa, fomu hiyo ingemla mfasiri karibu saa tano. Tuseme bei yake ni shilingi 120 za Tanzania kwa neno. Maneno 1,180 ni shilingi 141,600. Kuandika tarakimu hiyo pembeni kabla ya kujibu kunasaidia, kwa sababu hasira hupungua mtu akishajua ni shilingi ngapi zinazozungumzwa, na jibu lenye hasira ndilo linalowafukuza hata wateja wazuri.

Jibu analotuma ni hili:

“Habari za asubuhi dada. Nimeipokea fomu na nimeisoma yote. Nimeona ni toleo la 3.0 lenye maneno 1,180, kwa hiyo nimeihesabu kama kazi kamili. Kwa ajili ya kunipima, nitatafsiri bila malipo aya mbili za mwanzo, zisizozidi maneno 200, nikuletee leo kabla ya saa kumi jioni. Kama mnahitaji fomu nzima, bei yangu ni shilingi 120 kwa neno, jumla shilingi 141,600, na mtaipata kesho saa kumi na moja jioni baada ya kunitumia oda ya kazi. Nimeambatanisha pia kurasa mbili za kazi ya afya niliyoifanya, ambayo imeshachapishwa. Naomba kufahamishwa nani atasahihisha jaribio na majibu yatatoka lini. Ahsante.”

Barua hiyo haimtuhumu mtu. Haina hotuba juu ya kuheshimu taaluma, wala neno “unyonyaji”, hata kama mwandishi wake alilifikiria. Inamwonyesha mratibu kwamba faili limesomwa mpaka kwenye namba ya toleo, halafu inamwachia milango miwili iliyo wazi. Mratibu mkweli hupita mmojawapo bila aibu. Pengine mwenyewe aliambiwa na mkubwa wake atume faili lolote lililokuwa karibu, na sasa amepata namna ya kumrudia mkubwa huyo akiwa na bei mkononi.

Zile “aya mbili za mwanzo” hazikuandikwa kwa bahati. Kuna hila ya zamani katika biashara hii: hati ndefu hukatwa vipande, kila mwombaji akapewa kipande chake kama jaribio, kisha vipande vikaunganishwa. Ripoti ya maneno 6,000 ikigawiwa waombaji ishirini, kila mmoja hupata maneno 300, kiasi ambacho hakimshtui yeyote. Dalili yake ni kipande kinachoanza katikati ya hoja, chenye jedwali namba 7 wakati jedwali namba 1 halionekani, au kinachoanza na “kama ilivyoelezwa hapo juu” na hapo juu hapapo. Mfasiri akisema mwenyewe kwamba atafanya mwanzo wa hati, hila hiyo inakatika miguu. Waombaji ishirini wakifanya aya zilezile mbili, mteja atakuwa na matoleo ishirini ya kitu kimoja, ambayo kwa kupima ni hazina na kwa kuunganisha hayafai kitu.

Matokeo ya hila hiyo yenyewe ni mabaya, na mfasiri anaweza kulisema hilo kwa mteja anayesita. Katika ripoti ya miradi ya maji iliyounganishwa hivyo, chombo kimoja huitwa “kisima kirefu” ukurasa wa 3, “kisima cha bomba” ukurasa wa 5, na “chanzo cha maji” ukurasa wa 9. Mhandisi wa wilaya anayesoma takwimu hizo atadhani ni vitu vitatu tofauti, na atavihesabu hivyo.

Swali la mwisho katika barua ya mfasiri wa Mwanza, lile la nani atasahihisha, ndilo lenye nguvu kuliko yote, ingawa linaonekana la adabu tu. Jaribio lina maana pale tu panapokuwa na mtu wa kulisoma. Kampuni ambayo haina hata mmoja anayejua Kiswahili haiwezi kumpima mfasiri wa Kiswahili kwa kumpa maneno 300 wala 3,000. Itakachoweza ni kuyatumia. Kampuni iliyojipanga hujibu kwa urahisi: jaribio litasomwa na mhariri wetu aliyeko Arusha, majibu ni baada ya siku kumi za kazi, na makosa yatarudishwa kwako yakiwa yamewekewa alama. Isiyojipanga hujibu kwa kukwepa, au haijibu kabisa, au inarudia kwamba kazi ni ya haraka. Haraka ni ya kazi. Majaribio ya kweli huwa hayana saa tatu ya kesho.

Mara nyingine mteja huacha barua na kupiga simu. Mratibu huyu naye anapiga.

“Kaka, hiki ni kitu kidogo tu. Wenzako wameshatuma.”

“Sawa dada, nashukuru kwa kunipigia. Kama wenzangu wameshatuma fomu nzima, basi mnayo tayari ya kuendelea nayo. Mimi zile aya mbili za kunipima nakuletea leoleo. Je, bei ya shilingi 120 kwa neno inawezekana kwenu, au mna kiwango chenu?”

Swali la bei linaingia hapo kwa makusudi. Wafasiri wengi huona aibu kutaja fedha kabla ya kufaulu, na aibu hiyo ina gharama. Mtu hufanya jaribio kwa saa nzima, husubiri wiki mbili, hupongezwa, kisha huambiwa kwamba kampuni hulipa nusu ya bei yake. Jaribio hilo halikuwa na faida kwa upande wowote. Bei ingejulikana kabla, majaribio mengi ya bure yasingefanywa kabisa, na si kwa sababu ya ubahili wa mfasiri.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba kila kazi ina kipindi cha majaribio. Ni kweli, lakini kipindi hicho kina mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu mkataba wa majaribio usiozidi miezi sita, unaoweza kuongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi, na muda wote huo mtu huyo ameajiriwa na analipwa. Anayefanya kazi kwa kujitegemea ndiye anayeombwa majaribio yasiyo na hata nauli.

Kuna njia ya katikati ambayo baadhi ya wateja huipendekeza: jaribio lisilipwe sasa, ila likifaulu liongezwe kwenye ankara ya kwanza. Si mpango mbaya, kwa hati fupi. Kasoro yake ni kwamba kampuni ndiyo inayoamua kama kutakuwa na ankara ya kwanza. Kwa hiyo sharti lake liandikwe hivi: jaribio litalipwa endapo mfasiri atapewa kazi, au endapo sehemu yoyote ya jaribio itatumika, hata kama hatapewa kazi. Mteja asiye na nia ya kulitumia hana sababu ya kukataa nusu ya pili ya sentensi hiyo. Akiikataa, ameshajieleza.

Kwa maoni ya mwandishi, kinachokubalika zaidi kwa hati iliyozidi maneno 300 ni jaribio la kulipwa, kwa bei ya kawaida na si bei ya huruma. Kampuni inayoweza kutafsirisha utafiti wa mamilioni haishindwi kulipa maneno 500 ili ijiridhishe. Hata Upwork, soko la mtandaoni ambalo wafasiri wengi wa Afrika Mashariki hutafuta kazi humo, lina kanuni inayomkataza mteja kudai kazi ya bure. Anayeombwa hivyo humo ndani anaweza kuitaja kanuni hiyo kwa upole, badala ya kutumia jina lake mwenyewe kama ngao.

Ipo hatari nyingine isiyoonekana kwa urefu wa hati, nayo ni ya zabuni. Kampuni inayowania mkataba mkubwa huchukua wasifu na jaribio la mfasiri hodari, huvipeleka kwa mwenye zabuni kama ushahidi wa ubora, hushinda, kisha kazi humpa mtu wa bei ya chini. Jaribio lenyewe linaweza kuwa la maneno 200 tu, na kila kitu kikaonekana sawa. Kinga yake ni kuuliza waziwazi kama jaribio litaonyeshwa kwa mtu wa tatu, na kuandika juu ya ukurasa jina la mfasiri, tarehe, na kwamba limetayarishwa kwa ajili ya tathmini pekee.

Ugumu mkubwa uko kwa anayeanza. Mwenye miaka sita ana kurasa zilizochapishwa za kuonyesha. Aliyemaliza chuo mwaka jana hana, na anahisi hawezi kukataa. Dawa yake ni kutengeneza sampuli zake mwenyewe kabla hajaombwa, tatu au nne za maneno 250 kila moja, katika fani anazozitaka: maelezo ya dawa, kifungu cha mkataba, mwongozo wa mashine. Kiingereza kiwe safu ya kushoto, Kiswahili safu ya kulia, ili hata mratibu asiyejua Kiswahili aone kwamba hakuna kilichorukwa. Asichague hati ambayo tayari ina tafsiri maarufu, kama Tangazo la Haki za Binadamu, kwa kuwa msomaji atashindwa kujua kama amefanya au amenakili. Makala alizozitafsiri kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili nazo zinafaa, maana historia ya ukurasa huonyesha akaunti iliyoandika, tarehe na kila badiliko. Hiyo nayo ni kazi isiyolipwa, ila aliyeichagua ni yeye, na matunda yake yanasomwa na kila mtu.

Ikitokea mteja amelitumia jaribio bila kulilipia, sheria iko upande wa mfasiri kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unailinda tafsiri kama kazi halisi ya mfasiri, bila kupunguza haki za mwandishi wa hati ya asili, na ulinzi huo haungoji usajili. Ila haki ya shilingi 141,600 dhidi ya kampuni iliyo ng’ambo ya bahari haidaiki kwa wakili, ambaye ada yake itazidi deni. Inadaika kwa karatasi. Mfasiri huiweka barua ya kwanza ya mteja, faili alilotumwa na faili alilorudisha, vyote vikiwa na tarehe zake. Kisha huchukua hati iliyotoka, huipanga sambamba na jaribio lake, huweka alama kwenye sentensi zinazolingana, na kuiambatanisha na ankara ya bei kamili yenye siku 30 za kulipa. Ankara hiyo hutumwa idara ya fedha, nakala kwa mratibu. Mratibu anaweza kuinyamazia barua ya malalamiko, lakini mhasibu akiona ankara yenye namba huwa lazima amuulize mtu inahusu nini.